Mtoto njiti karudi nyumbani na oksijeni: jinsi ya kumlea mpaka mapafu yake yaote

Binti yangu alizaliwa wiki ya 27, gramu 920, akakaa siku 9 kwenye ventileta, wiki 5 kwenye sipap, mashine inayosukuma hewa puani, alafu akahamia mrija mdogo wa puani, na mrija huo ukagoma kutoka. Kila wakiutoa oksijeni kwenye damu inashuka. Alipofika wiki 36 (unahesabu tangu mimba, sio tangu azaliwe) bado alikuwa anahitaji oksijeni, na siku hiyo dokta akaandika kwenye faili herufi tatu, BPD, yani bronkopulmonari displasia. Tulitoka hospitali wiki ya 39 na kilo 2.4, na mashine, na mtungi, na mimi sijui lolote. Haya nayoandika ni yale niliyojifunza hapa hapa Dar nikiwa nae chumbani, mengine kwa kufundishwa na manesi na moja kwa kosa langu mwenyewe, nitalieleza huko chini.

Kwanza elewa ni nini kimetokea humo kifuani, maana ukielewa hapa mengine yote yanakaa sawa. Mtoto wa wiki 27 mapafu yake hayajamaliza kujengwa. Ndani kuna vifuko vikubwa vichache vyenye kuta nene, vile vifuko vidogo vidogo vya hewa ambavyo ndo vinapitisha oksijeni kwenda kwenye damu vingi vyake bado. Kawaida vinaanza kuota kwa wingi kuanzia wiki ya 36 hivi, akiwa bado tumboni. Sasa huyu katoka mapema, akasukumiwa hewa na mashine, akapewa oksijeni nyingi, labda na maambukizi juu yake, na hivyo vyote vilimuokoa maisha lakini vilevile vinachubua mapafu machanga na kuchelewesha ujenzi. Kwa hiyo sio ugonjwa wa kuambukiza, sio kifua kikuu, sio pumu, na hakuna dawa ya kuutoa. Kinachoutoa ni mapafu mapya kuota. Mtoto anayezaliwa kwa wakati ana vifuko kama milioni 20 mpaka 50, mtu mzima ana milioni 300 na zaidi, maana yake vingi vinaota baada ya kuzaliwa, na kasi kubwa ni miaka miwili mitatu ya mwanzo. Sehemu iliyopata kovu inabaki na kovu lake, ila tishu nzima inaongezeka kuizunguka mpaka inaizidi. Na tishu haioti kwa mtoto asiyeongezeka kilo. Shika hilo la kilo, tutalirudia.

Hatua ya 1: kabla hujasaini kutoka wodini

Omba waandike kwenye karatasi, sio kwa mdomo: mtoto anatoka na lita ngapi kwa dakika (wetu 0.25), namba ya oksijeni kwenye damu isishuke chini ya ngapi (wetu tuliambiwa 93, madaktari wengi wanalenga hapo hapo 92 au 93 kwenda juu), ikishuka unaruhusiwa kuongeza mpaka lita ngapi, na unampigia nani usiku wa manane. Hiyo namba ya kuongeza ni muhimu mno, bila hiyo utaogopa kugusa kitufe au utakigusa ovyo.

Uliza pia macho yameshapimwa na kumalizika? Njiti akiwa bado mchanga oksijeni ikizidi inaharibu mishipa ya nyuma ya jicho, ndo maana wodini wanaweka kikomo cha juu pia. Na uliza kama amefanyiwa eko, yani kipimo cha picha ya moyo, kwa sababu oksijeni ikikaa chini muda mrefu mishipa ya mapafu inabana na moyo upande wa kulia unachoka. Alafu kabla ya kutoka lala nae wodini usiku hata mbili, ukimhudumia mwenyewe na mashine ileile mtakayoenda nayo. Mimi usiku wa kwanza niliita nesi mara sita. Usiku wa pili mara moja.

Hatua ya 2: mashine, mtungi na umeme

Mashine ya oksijeni (konsentreta) inachukua hewa ya chumbani inaichuja na kutoa oksijeni kama asilimia 93. Tatizo ni kwamba nyingi zimetengenezwa kwa watu wazima, kipimo chake kinaanza nusu lita, na mtoto wako anatumia robo au chini ya hapo. Hivyo unahitaji flomita ndogo ya watoto inayofungwa pale mbele. Usikubali kukodi mashine bila hicho, na usikisie robo kwa macho kwenye kipimo cha lita 5.

Mashine ya lita 5 inakula kama wati 350. Ukiiwasha saa 24 ni kama yuniti 8 za Luku kwa siku, kwa mwezi inafika 250, na tarifu ya watumiaji wadogo inaishia yuniti 75, kwa hiyo jipangeni kama familia mapema, nani ananunua Luku wiki hii, isije ikakata saa tisa usiku kwa sababu kila mtu alidhani mwenzake kanunua.

Umeme ukikatika unahamia kwenye mtungi. Hesabu yake ni rahisi, chukua ukubwa wa mtungi kwa lita zidisha na namba ya presha kwenye geji. Mtungi wa lita 10 wenye bar 150 una lita 1500 za oksijeni. Gawanya kwa 0.25 unapata dakika 6000, yani saa 100, siku nne na kidogo. Akiwa anaumwa na mmepandisha nusu lita basi siku mbili. Sisi tulijiwekea kwamba geji ikifika bar 50 tunaenda kujaza, hatusubiri iishe. Na kila Jumamosi tulikuwa tunafanya zoezi, tunazima mashine tunahamia mtungi mchana kweupe, mimi, baba yake na dada anayetusaidia kazi, kila mtu kwa zamu, maana siku ya giza ikija hutaki mtu anayetafuta spana.

Mashine iwe mbali na ukuta kama sentimita 30 ipate hewa, kichujio cha sponji kioshwe kila wiki kikaushwe kabisa. Ukitaka kujua kama oksijeni inafika kweli, tumbukiza ncha za mrija kwenye kikombe cha maji safi, uone mapovu, alafu ufute vizuri kabla hujamrudishia puani.

Moto: oksijeni yenyewe hailipuki ila inafanya kitu chochote kiwake kwa kasi ya kutisha. Chumba cha mtoto kisiwe na mshumaa, kibatari, jiko, sigara. Na hapa naomba nisemee udi. Pwani tuna kawaida ya kufukiza chumba cha mzazi na mtoto, mama mkwe alikuja na chetezo chake kwa mapenzi yote, na mimi nilimwomba kwa heshima, mama tufukizie nguo huko uani zipungwe upepo ndo ziletwe. Akaelewa. Kaa la chetezo ni moto, na moshi wake kwa mapafu haya ni sumu, sawa na moshi wa mkaa na dawa ya mbu ya kuchoma. Tumieni neti. Vilevile usimpake mafuta ya mgando usoni na puani, mafuta hayo na oksijeni havikai pamoja, ukiona pua imekauka weka matone ya maji chumvi ya dukani, na ngozi ya midomo mpake losheni isiyo ya petroli.

Hatua ya 3: kusoma mtoto, alafu ndo kusoma oksimita

Oksimita ndo kifaa cha kupima oksijeni kwenye damu. Ile ya kubana kidole ya mtu mzima haifai kwa mtoto, inadanganya. Tafuta yenye sensa ya kuzungushia mguuni. Namba usiiamini mpaka uone mawimbi yametulia na mapigo ya moyo inayoonyesha yanaeleweka. Mguu ukiwa wa baridi au mtoto akirusha miguu utaona 78 ghafla na roho itakutoka bure. Kitu kingine ambacho watu weusi tunapaswa kuambiwa wazi: vifaa hivi kwenye ngozi nyeusi wakati mwingine vinasoma juu kidogo kuliko hali halisi. Kwa hiyo 92 ya kuning'inia na mtoto anahangaika, amini mtoto. Rangi usitazame kwenye ngozi wala kucha, mfungue mdomo utazame ulimi na fizi.

Jua kupumua kwake kwa kawaida. Mtoto mwenye BPD anapumua haraka kuliko wenzake hata akiwa mzima, hivyo kila jioni akilala hesabu pumzi dakika nzima na uandike. Wangu alikuwa 48 mpaka 55. Siku niliyohesabu 70 sikuhitaji mtu kuniambia. Vingine vya kutazama ni kifua kubonyea ndani zaidi ya kawaida yake, pua kutanuka, kuguna kila akitoa pumzi, kichwa kutikisika kwa kila pumzi, na kushindwa kunyonya.

Namba ikishuka fuata mpangilio huu. Mtazame mtoto kwanza. Kisha sensa imekaa? Ncha za mrija ziko puani au zimehamia shavuni (mara nyingi ni hapa)? Pua imeziba makamasi? Mrija umekunjwa au umekaliwa? Mashine inawaka na flomita iko kwenye robo? Vyote viko sawa na bado chini, ongeza mpaka pale ulipoandikiwa. Ikipanda na kutulia, piga simu siku hiyohiyo, maana ongezeko la mahitaji ni dalili ya kitu, mara nyingi mafua. Isipopanda, au ulimi umebadilika rangi, au anasimama kupumua, ondoka na mtungi wako kwenda hospitali, usisubiri asubuhi.

Hatua ya 4: kunyonya na mizani

Kunyonya kwa huyu mtoto ni kama wewe kupanda ngazi huku unakunywa maji. Mpe kidogo kidogo mara nyingi, mkalishe wima kidogo, mpumzishe akishamaliza mafundo machache, na mrija usitoke wakati wa kunyonya, hapo ndo anauhitaji zaidi. Kupumua peke yake kunamla nguvu, kwa hiyo anahitaji chakula kingi kuliko mtoto wa kawaida, wakati huohuo maji mengi mno yanajaa kwenye mapafu. Ndo maana wengine wanapewa dawa ya kukojoa, na wengine maziwa ya mama yaliyokamuliwa yanaongezewa nguvu na mtu wa lishe. Usiongeze chochote kwa kubuni mwenyewe.

Mpime kila wiki, mizani ileile, bila nguo. Mwanzoni tunatafuta gramu 20 mpaka 30 kwa siku.

Sasa kosa langu. Alipofikisha miezi miwili baada ya tarehe aliyotakiwa kuzaliwa alikuwa anacheka, mashavu yamejaa, mchana nikitoa mrija kumuogesha oksimita inabaki 94, 95. Ndugu wakawa wananiambia utamzoesha huyo, mapafu yatakuwa mavivu, mtoe ajitafutie. Nami nilikuwa nimechoka, Luku imetumaliza, plasta imemchubua mashavu. Nikatoa. Sikumwambia dokta. Mchana wote anapumua vizuri, nikajisifu. Wiki mbili baadaye kliniki nesi akampima, akapima tena, akaniangalia. Wiki mbili alitakiwa aongeze kama gramu 350, kaongeza 60. Nikasema ukweli. Dokta hakunifokea, alituomba tu nimfunge oksimita usiku huo akilala na niandike kila nusu saa. Saa nne usiku 91. Saa saba 88. Saa tisa, kwenye usingizi mzito, 86, na mtoto katulia kimya hana hata dalili moja ya kuhangaika. Nililia nikiwa nimeshika kalamu.

Wakarudisha robo lita. Siku kumi mbele aliongeza gramu 240 na chakula kilekile, maziwa yaleyale.

Mapafu hayazoei oksijeni yakawa mavivu, hilo halipo. Oksijeni ikikosekana usiku mwili unatumia chakula kuhangaikia kupumua na moyo, hakuna kinachobaki cha kukua, na mapafu ni sehemu ya huo mwili. Kwa hiyo mizani ikisimama bila sababu, kabla hujabadilisha maziwa pima usiku.

Hatua ya 5: kuzuia mafua

Mafua ya kawaida kwako ni kulazwa kwake, na watoto wengi wa aina hii wanalazwa tena angalau mara moja mwaka wa kwanza. Sisi tulilazwa siku sita akiwa na miezi saba. Weka ndoo na sabuni mlangoni, anayekohoa asiingie hata akiwa bibi, kanisani na kwenye sherehe atakwenda mwakani, daladala epukeni. Chanjo zifuate umri wake wa kuzaliwa, sio ule wa kusahihisha, yani unaohesabiwa toka tarehe aliyotakiwa kuzaliwa: wiki 6, 10 na 14 zihesabiwe toka siku alipozaliwa kweli, hata kama alikuwa bado wodini, ndani yake ipo ya nimonia. Akifika miezi 6 ulizia chanjo ya mafua, na watu wazima wa humo ndani wachanjwe pia.

Safari nazo zina jambo lake. Dar iko usawa wa bahari. Mbeya iko kama mita 1,700 juu, na hewa ya pale kwa mtoto ni kama kupumua oksijeni asilimia 17 badala ya 21. Mtoto anayetumia robo lita Kariakoo anaweza kuhitaji zaidi akifika kwa babu yake Mbeya, na aliyeachishwa juzi anaweza kuihitaji tena, Nairobi hivyohivyo, na ndani ya ndege ni zaidi. Mwambie dokta kabla hujakata tiketi.

Hatua ya 6: kupunguza, kwa zamu na kwa ushahidi

Dokta akikubali kuanza, huwa kuna masharti: kilo zinapanda kwa wiki kadhaa mfululizo, hana mafua, na usiku namba zinakaa juu ya 93 bila kuyumba. Kwetu tulishuka 0.25 kwenda 0.125, tukakaa wiki tatu, tunapima usiku na mizani. Kisha mchana tukaanza kutoa saa moja, saa mbili, baadae mchana kutwa, usiku mrija unabaki. Kuna hospitali zina mpangilio tofauti, fuata wako. Usingizini ndo wa mwisho kuachwa, kwa sababu akilala pumzi zinakuwa fupi, na kabla ya kuachia kabisa alipimwa usiku mzima bila oksijeni. Akiwa na miezi 6 ya kusahihisha, yani miezi 9 tangu azaliwe, mrija ulitoka. Wengi wanaachia ndani ya mwaka wa kwanza, wengine wanavuka wa pili, na waliokuwa na hali nzito zaidi wodini wanachelewa zaidi.

Sasa ana miaka minne. Anakimbia, anaogelea kule Kigamboni na binamu zake. Akipata mafua kifua kinalia filimbi na tunatumia pampu na chemba yake, na dokta ametuambia huenda akipimwa shuleni nguvu ya pumzi ikawa chini kidogo ya wenzake, kwa hiyo hakuna anayevuta sigara karibu yake na yeye ataambiwa sababu akikua. Jikoni tumehamia gesi.

Na mashine usirudishe siku mrija unapotoka. Baki nayo mpaka avuke mafua yake ya kwanza bila oksijeni. Yetu ilikaa kona ya chumba wiki saba bila kuwashwa, wiki ya nane akapata mafua, tukaiwasha kwa siku nne za usiku peke yake, akapona, tukapima usiku tatu mfululizo, 95, 96, 96, ndo tukampigia mwenye nayo aje aichukue.